Silabi iliyopotelea Mlalo

Mjomba wangu anaishi Mlalo, juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Mwaka juzi, tulipokuwa tunapanga ugeni wa posa ya mdogo wangu, alinipigia simu ya video akiwa shambani, kamera kaigeuzia kwenye miparachichi ili nione ilivyozaa. Nikamwamkia, akaitikia, tukaingia kwenye maneno yenyewe. Picha ikawa inaganda, inarudi, inaganda tena. Katikati ya kuganda huko nikasikia "...tutakuja Jumamosi", halafu sauti ikawa ya mtu anayeongea ndani ya debe. Nikajibu, sawa mjomba, karibuni sana. Jumamosi tukapika pilau la watu thelathini hapa Tabata. Wageni wakaingia Jumapili saa nne asubuhi, wakatukuta tunakula kiporo.

Mjomba alikuwa amesema "hatutakuja Jumamosi". Kilichopotea njiani ni "ha".

Kiswahili kimeweka ukanushi wake mahali pa hatari. Silabi moja fupi mwanzoni mwa kitenzi inageuza ahadi kuwa udhuru, na mtu anayeongea kwa mwendo wa kawaida huitamka kwa muda wa kama milisekunde 150, yaani hata robo ya sekunde haifiki. Simu ya intaneti haisafirishi maneno wala silabi. Inakatakata sauti katika vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, inakitia kila kipande kwenye pakiti yake na kuituma. Pakiti hamsini kwa sekunde. Ile "ha" ya mjomba ilikuwa pakiti saba au nane tu.

Ikipotea pakiti moja peke yake, hutajua. Programu iliyoko upande wako inaangalia sauti ilivyokuwa kabla ya pengo, inaivuta kidogo, pengo linazibika. Zikipotea mbili tatu mfululizo, utasikia mkwaruzo au ile sauti ya bati. Zikipotea nane kwa mpigo, hakuna cha kukisia tena. Silabi imekwenda, na baya zaidi, sentensi iliyobaki imenyooka vizuri kiasi kwamba huna sababu ya kuuliza.

Sasa pakiti zenyewe zina uzito gani? Programu nyingi za simu za video hutumia mfumo wa kubana sauti uitwao Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Opus inabeba maneno kwa usafi mzuri ikipewa kilobiti 24 kwa sekunde, na ikibanwa sana hushuka hadi 6. Kwa kilobiti 24, kila kipande cha sauti kina baiti 60. Juu yake inawekwa bahasha, yaani anwani na namba za mpangilio, baiti 40 hivi. Bahasha inakaribia uzito wa barua! Hata hivyo jumla haizidi sana kilobiti 40 kwa sekunde. Picha ya kawaida tu, isiyo na makuu, inataka kilobiti 500 au zaidi. Kwa maneno mengine, pale ambapo uso mmoja unapita, zingepita sauti kumi na mbili. Bando nalo linajua: saa nzima ya sauti pekee, kutuma na kupokea, inakula kama megabaiti 36, pamoja na picha hiyo inakaribia 500.

Tuseme simu ya mjomba, pale shambani, ilikuwa inaweza kusukuma kilobiti 300 kwa sekunde kwenda kwenye mnara. Sauti ingepita hapo na nafasi ingebaki tele. Tatizo ni kwamba pakiti za sauti na za picha zinapita kwenye mlango mmoja, na mlangoni pana foleni. Picha za video hazitumwi nzimanzima kila mara. Nyingi ni maelezo ya kilichobadilika tangu picha iliyotangulia. Mara mojamoja lazima itumwe picha kamili, hasa pale mpokeaji anapopoteza kipande na kuomba aanze upya. Picha kamili moja inaweza kufika kilobaiti 40, ambazo ni kilobiti 320. Kwenye njia ya kilobiti 300 hiyo ni zaidi ya sekunde nzima ya mlango kuzibwa na picha moja ya parachichi. Programu inajitahidi kuitoa kidogokidogo na kuipitisha sauti pembeni, lakini ikishatoka mikononi mwake, foleni ya kwenye njia haijui kipi ni neno la mjomba na kipi ni jani. Kila pakiti inangoja zamu yake, na kagari kadogo kenye "ha" kamekaa nyuma ya lori.

Mtu atauliza, kwa nini kisichofika kisitumwe tena, kama inavyofanyika tunapopakua faili? Kwa faili hakuna haraka. Mazungumzo yana saa yake. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri kwamba sauti ifike ndani ya milisekunde 150, na linaweka 400 kuwa ukomo wa kupangia mitandao. Ikikawia zaidi ya hapo watu wanaanza kudakizana: wewe unadhani mwenzako kanyamaza, unaanza kusema, kumbe maneno yake yako njiani. Silabi ikitumwa upya kutoka Mlalo inaweza kufika wakati mjomba yuko sentensi ya pili. Kuna programu zinazopachika nakala hafifu ya kipande kilichopita ndani ya pakiti inayofuata, kama bima, na hiyo husaidia. Lakini nakala ya kipande kimoja haiokoi vipande vinane.

Ndiyo maana mafundi waliotengeneza programu hizi waliamua mapema kwamba njia ikiwa finyu, picha ndiyo itakayoumia. Jicho ni mvumilivu. Uso ukiganda sekunde mbili unajua bado ni mjomba, na ukiwa na vibokoboko bado unamtambua. Sikio halina uvumilivu huo. Programu hupima muda ambao pakiti zinachukua kufika. Ikiona kila moja inachelewa zaidi ya iliyotangulia, inajua foleni inarefuka mahali fulani. Hapo inapunguza ubora wa picha, inapunguza idadi ya picha kwa sekunde, na mwisho inaizima kabisa, huku sauti ikiachwa na kilobiti zake chache. Unapoona sura imekuwa ya matofalimatofali lakini maneno yanasikika safi, usilalamike. Hiyo ni programu inafanya kazi yake.

Ila ina udhaifu mmoja ambao mwenye simu anauzidi. Inagundua foleni baada ya foleni kuwapo, na kwenye mtandao wa simu hali hubadilika kwa sekunde: mtu kageuka, wingu la watumiaji wa jioni limeingia kwenye mnara uleule. Mpaka ipunguze, "ha" imekwishapotea. Halafu mambo yakitulia kidogo, inajaribu kuirudisha picha. Inaongeza kilobiti taratibu, inagonga ukuta tena, foleni inajaa tena, sauti inakatika tena. Ule mchezo wa inaganda-inarudi-inaganda ndio huo, programu inapapasa kutafuta ukomo wa njia, na kila inapougusa maneno yanaumia. Ukizima kamera kwa mkono wako unamaliza kupapasa huko. Kuna faida nyingine ndogo: programu nyingi huichelewesha sauti makusudi ili midomo iendane na maneno, kwa hiyo bila picha hata udakizanaji hupungua.

Lakini kamera ya nani? Hapa ndipo wengi tunakosea, na mimi nilikosea. Siku ile nilizima yangu, nikaona nimefanya uungwana. Haikusaidia kitu, kwa sababu kilichokwama kilikuwa kinatoka kwake. Kamera yako inaelemea njia yako ya kutuma na njia ya mwenzako ya kupokea, basi. Njia ya kutuma ndiyo inayochoka mapema: simu ya mkononi kwa kawaida hutoa nguvu isiyozidi sehemu moja ya tano ya wati, wakati mnara una wati makumi kadhaa, kwa hiyo mnara unasikika shambani vizuri kuliko shamba linavyosikika mnarani. Wewe ukiwa unamsikia mtu kwa shida na yeye anakusikia sawasawa, mwambie yeye azime kamera yake. Kama yeye ndiye asiyekusikia, zima yako. Na kwenye kikao cha watu wengi, kuzima yako peke yake hakukupunguzii nyuso kumi zinazoingia. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuzuia video zinazoingia. WhatsApp nayo ina kitufe cha "Use less data for calls", ambacho ni kizuri kukiwasha kabla ya simu, maana kinaibana programu isitumie data nyingi.

Ukishazima, ipe nusu dakika. Sauti ikitengemaa, ugonjwa ulikuwa ufinyu wa njia. Isipotengemaa, picha haikuwa mkosaji. Huenda mwenzako yuko ukingoni mwa mnara na mawimbi yenyewe yanapotea hewani. Asogee, apande mwinuko, au mpigiane simu ya kawaida, ambayo mtandao huihifadhia njia yake. Huenda mtoto sebuleni anapakua mchezo kwenye waifai hiyohiyo. Na ukisikia sauti yako mwenyewe inakurudia, kwa kawaida hiyo ni spika na maikrofoni za upande wa pili, kazi ya ifoni za masikioni.

Haya yote yana walioachwa nje. Kwa viziwi wanaozungumza kwa lugha ya alama, picha ndiyo maneno yenyewe. Programu inapoitoa picha kafara ili kuokoa sauti, kwao inaokoa ukimya. Wanachohitaji ni mwendo wa mikono usiorukaruka, hata picha ikiwa ndogo na hafifu, na programu nyingi za kawaida hazina pa kuichagulia hivyo. Mafundi walilinda usemi, sawa, ila walidhani usemi unatoka kinywani tu.

Mjomba bado anapiga kwa video, hawezi kuacha. Ananionyesha shamba, ng'ombe, na shangazi akipita na ndoo. Tukifika kwenye tarehe, fedha au jina la mtu, anafunga kamera mwenyewe na kusema, "Haya mjomba, nimeshafunga dirisha." Kisha anautaja ukanushi wake mara mbili.