Pedi ya FIFA Haibebi Nyasi

Kuna msee mtaani bado anaendesha trekta ya Farming Simulator 22 na pedi ileile ya kudunga magoli. Kulima analima, hatukatai. Lakini mpe loda ya mbele, mwambie apange mabelo ya nyasi kwa treila. Manze, ni aibu tupu. Kijiti cha kulia ndicho cha kamera, na hicho hicho ndicho cha mkono wa loda, ila lazima ashike bataani ingine kwanza. Akiangalia belo, hawezi kuliinua. Akiinua, haoni. Belo linalala juu ya boneti, mbogi inakufa kicheko.

Dawa ni joistiki. Si ile seti ya wazungu ya usukani na paneli, hiyo bei yake ni ya ng'ombe wa ukweli. Tafuta Logitech Extreme 3D Pro, hata mtumba. Mkono wa kushoto unabaki kwa kibodi, W A S D za kuendesha. Wa kulia unashika kijiti.

Ingia kwa mipangilio ya kontroli. Mbele na nyuma iwe ya mkono wa loda, kushoto na kulia iwe ya kupindua uma. Ukivuta kijiti kwako, mkono upande, vile loda za ukweli hufanya. Ukishuka, geuza mwelekeo. Kale kakofia juu ya kijiti kape kamera. Sasa unaona na unainua wakati mmoja, mtu mkubwa.

Noma iko hapa: gemu ikiona joistiki inaweza kuipa usukani yenyewe. Unapindua uma, trekta inakata kona. Futa usukani kwa hicho kijiti. Trekta ikitambaa bila kuguswa, cheki kama ile slaida ya chini imepewa gesi. Futa pia. Na mkono ukishuka polepole hujagusa kitu, kijiti kimechoka, ongeza dedizoni kidogo kidogo hadi utulie. Usizidishe, utapoteza ile miondoko midogo ya kuweka belo polepole.

Kijiti kikinyamaza kabisa usikitupe. Bonyeza G hadi loda ichaguliwe, maana gemu inasikiza kifaa kilichochaguliwa tu. Ile Q ya kuunga na kuachia iweke bataani ya mbali, chini kwa kitako. Ukiiweka chini ya kidole, utaachia uma na belo likiwa hewani, na hiyo klipu itazunguka mtaa wote.

Buda wa ocha akiona haya yote atauliza mahindi yatavunwa lini. Mwache na jembe lake, hana hata dedizoni.

Ukimaliza, kopi hii faili kabla hujagusa kitu kingine:

```
Documents\My Games\FarmingSimulator2022\inputBinding.xml
```

Kasodo kakicheza na setingi zako, unairudisha gemu ikiwa imefungwa. Na pedi ya FIFA? Mrudishie mwenyewe, ana mechi jioni.