Weusi wa Bangili ya Fedha

"Isugue kwa dawa ya meno, itang'aa." Na kweli hung'aa. Bangili ya fedha aliyoniachia bibi ilisuguliwa hivyo miaka mingi. Ukiigeuza juani unaona mikwaruzo midogo imeizunguka kote, na maua yaliyochorwa ukingoni yamefifia hata kidole hakiyahisi.

Weusi ule si uchafu. Ni fedha yenyewe, iliyoungana na salfa inayotoka hewani, kwenye mayai, hata kwenye mpira. Dawa ya meno ina chembechembe ngumu za kukwangua utando wa meno, na jino ni gumu kuliko fedha. Kinachovumiliwa na jino, bangili haikivumilii: weusi unatoka pamoja na fedha iliyo chini yake. Kwa mkufu uliopakwa dhahabu madhara ni makubwa zaidi, maana dhahabu yenyewe ni utando mwembamba mno. Ukiona kingo zimeanza kuwa nyekundu au nyeupe, utando umekwisha, na ni sonara tu wa kuupaka upya.

Bekingi soda ikisuguliwa nayo hukwangua, ingawa kidogo. Nguvu yake hasa iko kwenye maji. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli la udongo au kioo, upande unaong'aa juu. Laza bangili juu yake iguse alumini, nyunyiza kijiko kikubwa cha bekingi soda na kingine cha chumvi, kisha mimina nusu lita ya maji ya moto. Alumini huichukua salfa, na fedha inabaki pale pale kwenye bangili. Utasikia harufu ya yai viza: ni salfa inayoondoka. Baada ya dakika chache itoe, isuuze, ikaushe kwa kitambaa cha pamba.

Njia hii ni ya fedha tupu. Usiitumie kwenye pete yenye jiwe, wala kwenye bangili ambayo sonara aliacha weusi makusudi ndani ya nakshi, kwani nao utaondoka. Tanzanaiti, kwa mfano, huweza kupasuka ikitoka kwenye baridi na kuingia ghafla kwenye maji ya moto.

Siki huondoa ukijani wa shaba, lakini weusi wa fedha haiuwezi. Hatari yake iko kwenye lulu na marijani. Dondoshea siki kwenye ganda la yai uone mapovu: ganda linayeyuka, na lulu imeumbwa kwa chokaa ile ile. Ikishapoteza mng'ao wake wa juu, hakuna wa kuurudisha. Lulu ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kila unapoivua, kabla jasho na manukato havijaikaukia.