Mdomo mweusi huanza na rangi ya machungwa

Mteja huingia saluni na picha kwenye simu, midomo ya waridi inayong'aa, na kusema anataka kama ile. Baada ya saa mbili tatu anatoka midomo imevimba, imekolea rangi ya machungwa. Asipokuwa ameelezwa mapema, ataamini ameharibiwa, na huenda fundi amefanya kazi yake sawasawa kabisa.

Lipu blashi ni tatuu. Sindano nyembamba ya mashine hupitisha rangi chini kidogo ya tabaka la juu la ngozi ya mdomo, nayo hubaki humo kwa miaka huku ikififia taratibu. Kwa mdomo mweusi shida ni kwamba melanini, ile inayoupa ngozi weusi wake, nyingi iko juu ya mahali rangi inapowekwa. Rangi haiifuniki. Unaiona kwa kupitia melanini, kama kitambaa unachokitazama kupitia glasi ya chai ya rangi. Waridi jepesi likiwekwa chini ya mdomo wenye weusi wa zambarau huishia kuonekana kijivu, na likiwa limechanganywa na nyeupe nyingi hutoa sura ya majivu. Ndiyo maana fundi mzoefu huanza na machungwa: hupunguza ubluu na uzambarau, mdomo ukabaki na hudhurungi yenye joto.

Tuchukue mwanamke ambaye mdomo wake wa juu ni hudhurungi ya zambarau, na wa chini una waridi katikati na ukingo mweusi. Fundi humtazama mchana karibu na dirisha, kwa kuwa taa za saluni hudanganya. Mdomo wa juu na ule ukingo hupata machungwa, ila katikati ya mdomo wa chini huachwa au kuguswa kidogo tu. Akipaka machungwa kila mahali, ile sehemu ya waridi itang'aa kuliko nyingine na tofauti itaongezeka.

Siku mbili za kwanza midomo huvimba na rangi huwaka. Kati ya siku ya tatu na ya saba ngozi hubanduka vipande vipande, na kuvivuta kwa kidole ni kung'oa rangi pamoja navyo. Kisha huja juma la kukatisha tamaa: rangi hupauka, mtu akaona kama fedha zake zimeliwa. Hurudi pole pole, na sura ya kweli huonekana kati ya juma la nne na la nane. Muda wote huo ni Vaselini kidogo, chakula kisicho na pilipili, na kuepuka jua. Aliyewahi kutokwa na malengelenge ya mdomo, hata mara moja, amwone daktari kabla ya kuchorwa ili apewe asikloviri au dawa ya jamii hiyo. Virusi vyake hulala kwenye mishipa ya fahamu, na sindano huviamsha.

Mwanamke wetu anarudi baada ya majuma manane. Mdomo wa juu umekuwa hudhurungi ya joto, ukingo umefifia. Sasa ndipo rangi aliyoitaka huwekwa, na atakachopata ni waridi lenye udongo ndani yake, au nyekundu ya matofali. Waridi la kwenye simu hatalipata, na fundi anayemwahidi hilo anamwuzia ndoto. Wenye midomo myeusi zaidi huhitaji awamu ya tatu.

Hatari kubwa ni pupa. Fundi akipitisha sindano mara nyingi mno, au akichora tena kabla ngozi haijapona, jeraha huchochea melanini zaidi na mdomo huwa mweusi kuliko ulivyokuja. Akizamisha sindano mno, rangi huvuja na kuonekana ya bluu. Kuzifuta kwa mwanga wa leza nako kuna mtego, maana rangi zenye nyeupe au chuma zinaweza kugeuka nyeusi papo hapo.

Kuna weusi usiofaa kupelekwa saluni kwanza. Doa lililotokea ghafla, au linalorudi palepale kila unapomeza Septrini, ni la daktari. Huenda ni mzio wa dawa, na kulichora juu ni kulificha tu.

Mwulize fundi akuonyeshe picha za midomo iliyopona, ya watu wenye rangi kama yako, zilizopigwa majuma sita au zaidi baada ya kazi. Picha za siku ileile hazisemi kitu. Baada ya hapo rangi huguswa upya kila mwaka mmoja hadi mitatu, mapema zaidi kwa mvutaji sigara. Usirudie mdomo mzima kwa nguvu ya mara ya kwanza, kwa sababu rangi ya zamani bado imo, na ikirundikana mdomo hugeuka mzito na wa giza. Mwombe fundi aandike jina la rangi aliyotumia, uondoke na karatasi hiyo, ukienda kwa mwingine ajue anaongezea juu ya nini.