Pawabenki inapolishwa na kulisha kwa wakati mmoja

Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, mvua ni nyingi na ukungu hauishi. Mfanyabiashara anayeshusha ndizi, mananasi na pilipili manga kwenda Morogoro mjini anapatana bei kwa simu na kulipwa kwa simu, kwa hiyo umeme ukirudi jioni hataki kuchagua kati ya simu na pawabenki. Anachomeka chaja kwenye pawabenki, kisha anaiunganisha simu kwenye pawabenki hiyohiyo. Tundu moja la ukutani, vifaa viwili. Inaonekana ni akili tupu.

Kinachotokea ndani kinategemea jinsi kifaa kilivyoundwa. Pawabenki zilizotengenezwa vizuri zina njia ya pembeni: umeme wa chaja unakwenda kwanza kwenye simu moja kwa moja, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye betri. Nyingi za bei ya chini hazina njia hiyo. Chaja inajaza seli za lithiamu, ambazo volti zake ni kama 3.7, na papo hapo saketi nyingine inachota kwenye seli hizohizo na kupandisha hadi volti 5 za simu. Umeme unageuzwa mara mbili, na kila mara sehemu yake inapotea kama joto.

Tuseme umeme umekuwepo tangu saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, na chaja ni ya volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Kwa saa nne zinapatikana wati-saa 40. Simu yenye betri ya 5,000 mAh ikichajiwa ukutani kutoka sifuri hutumia kama wati-saa 22, pamoja na upotevu wake. Zinabaki 18. Pawabenki ikichukua zamu yake, na tukikadiria kwamba asilimia 12 hupotea katika kila mageuzi, inahifadhi karibu 16.

Mambo yakifanywa kwa pamoja kupitia seli, zile 22 za simu zinahitaji 25 kutoka kwenye seli, na 25 hizo zinahitaji zaidi ya 28 kutoka ukutani. Pawabenki inabakiwa na 10 na ushei. Chaja ileile, saa zilezile, lakini akiba ya kesho imepungua kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana wengine hushangaa kuona taa ya tatu ya pawabenki ikizimika wakati chaja bado imechomekwa: simu inavuta zaidi ya kinachoingia.

Fedha ya umeme uliopotea ni ndogo mno. Madhara yako kwenye joto. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikichajiwa ikiwa na joto kubwa, na hapa saketi mbili zinachemka pamoja ndani ya kasha moja la plastiki, mara nyingi chini ya mto ili mwanga usisumbue.

Lipo pia tatizo lisiloonekana. Kichipu cha kuchajia kama TP4056, kinachopatikana sana kwenye vifaa rahisi, hujua betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya kiwango kilichowekwa. Kikipangiwa ampea 1, kinasubiri miliampea 100. Simu ikiendelea kuchota kwenye seli hizo, mkondo haushuki, na chaja haikati. Seli zinashikiliwa kwenye volti 4.2 usiku kucha, hali inayozizeesha hata kama hakuna kilichoungua. Dalili huja baadaye: kasha linafunguka kwenye kingo kwa sababu seli imevimba. Pawabenki hiyo isichajiwe tena wala kutobolewa.

Kuitambua pawabenki yenye njia ya pembeni hakuhitaji fundi. Iachwe iishe kabisa, kisha iunganishwe na chaja na simu kwa pamoja. Simu ikianza kuchaji mara moja, huenda ipo njia ya pembeni. Simu ikikaa kimya dakika kadhaa kisha ndipo ianze, pawabenki inasubiri seli zipate nguvu. Nyingine hukataa kabisa kutoa umeme zinapochajiwa, na wanunuzi huzirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Mtengenezaji amezizuia makusudi.

Hata zilizo bora zina mipaka. Nyingi huzima chaji ya haraka chaja na simu zikiunganishwa pamoja na kurudi kwenye volti 5. Chaja inapochomolewa, au umeme unapokatika, nyingine hukata umeme kwa nafasi ya sekunde moja kabla seli hazijapokea zamu. Simu hulia tu ikaendelea. Ruta ya intaneti inayotegemea pawabenki hiyo itazimika na kuwaka upya, na hapo aliyeinunua kwa ajili ya siku kama ile ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya Taifa ilipopata hitilafu usiku, anagundua kwamba hakununua alichodhani.

Kwa mwenye soketi moja, chaja yenye matundu mawili ya USB ni nafuu kuliko kuunga vifaa mkia kwa mkia. Jumla ya ampea zake huenda ikagawanywa, hivyo vyote vikachaji polepole, lakini umeme wa simu haupiti kwenye seli za pawabenki.