Je, Mfumo Upumzishwe Mtaji Ukishuka Chini ya Wastani?

Vijana wengi wa Kakamega wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu wanaijua kanuni hii: chora grafu ya mtaji wa mfumo wako, weka juu yake mstari wa wastani wa siku za karibuni, na mtaji ukishuka chini ya mstari huo, simamisha mfumo hadi upande tena. Inaonekana kama busara tupu. Swali ni kama hasara ya jana inatuambia lolote kuhusu biashara ya kesho.

Wanaoitetea wana hoja ya kweli, na ushahidi wake uko hapa kwetu. Hisa za Mumias Sugar ziliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001. Madeni na uhaba wa miwa viliiandama kampuni mwaka baada ya mwaka, bei ikashuka hadi chini ya shilingi 1, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Aliyeondoka bei ilipovuka chini ya wastani wake wa muda mrefu aliokoa sehemu kubwa ya fedha zake, kwa kuwa chanzo cha hasara hakikuondoka. Hasara ilizaa hasara.

Lakini mfumo wenye faida ndogo ya wastani, ambao kila biashara yake haitegemei iliyotangulia, haufanani na Mumias. Tubuni mfano. Mfumo unaanza na shilingi 20,000; ukishinda unapata 300, ukishindwa unapoteza 200. Baada ya biashara 5 za kwanza mtaji ni 20,500, na wastani wa vipimo hivyo 5 ni 20,400. Tuko juu, tunaendelea. Biashara ya 6 inapoteza, mtaji unafika 20,300, chini ya wastani. Tunasimama. Ya 7, tuliyoiruka, inapoteza: tumeokoa 200. Ya 8 na ya 9, tulizoziruka pia, zinashinda: tumekosa 600. Mtaji wa mfumo sasa uko juu ya wastani, tunarudi, na ya 10 inapoteza. Kupumzika kumetugharimu shilingi 400.

Zingatia kwamba mfumo lazima uendelee kuhesabiwa kwenye karatasi hata usipowekewa fedha. Bila hivyo mstari wake hausogei, na hutajua lini urudi.

Mfano mmoja hauthibitishi kitu. Mpangilio mwingine wa ushindi na hasara ungeipendelea kanuni. Hapo ndipo kipimo kilipo. Kama mpangilio ni wa bahati, kila biashara uliyoruka ilikuwa na matarajio yaleyale ya faida kama uliyoifanya. Kusimama kunapunguza tu idadi ya biashara, na pamoja nayo faida. Mwaka 2014 Kathryn Kaminski na Andrew Lo walionyesha jambo hili kwa kanuni za kukatiza hasara: bei zikienda bila mpangilio, kanuni hiyo hupunguza matarajio ya faida; matokeo yakiwa na mwendelezo, inaweza kusaidia.

Mwendelezo huo upo mahali fulani. Sina Ehsani na Juhani Linnainmaa, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2022, walipima mikakati mikubwa ya hisa kwa miongo mingi. Mkakati wa kawaida ulipata asilimia 0.51 kwa mwezi baada ya mwaka wa faida, na asilimia 0.06 baada ya mwaka wa hasara. Lakini huo ni mwendelezo wa mwaka mzima katika mikakati yenye hisa nyingi. Haumwambii kijana wa Lurambi kwamba roboti yake ya dola na yuro, yenye biashara za dakika 15, ina tabia hiyohiyo.

Kwa hiyo apime mwenyewe. Achukue orodha ya biashara zake halisi, tuseme 200, na ahesabu faida ambayo kanuni ingempa. Kisha achanganye mpangilio wa biashara hizohizo mara 1,000 na kuhesabu upya kila mara. Kuchanganya kunavunja mwendelezo lakini kunaacha faida na hasara zilezile. Matokeo halisi yakiwa miongoni mwa 50 bora ya hizo 1,000, ana ushahidi. Yakiwa katikati, hana. Akijaribu wastani wa 5, 10, 20 na 50 kisha akachagua bora, uchaguzi huohuo aufanye katika kila mpangilio uliochanganywa, vinginevyo anajidanganya.

Tahadhari moja zaidi: kanuni ikipunguza kushuka kwa mtaji, usidhani imefanya ustadi. Mfumo unaofanya asilimia 60 tu ya biashara zake kwa kawaida hushuka kidogo. Ulinganishe na mfumo usiosimama kamwe, lakini unaoweka asilimia 60 ya kiasi kila mara. Kanuni isiposhinda huo, punguza kiasi cha kila biashara na uachane na grafu.