Barua ya Kumtia Moyo Iliyomchoma Carey

William Carey, mchungaji wa Kibatisti aliyeliacha kanisa lake mjini Leicester, Uingereza, alifika Kalkuta Novemba 1793 baada ya miezi mitano baharini. Fedha ziliisha upesi. Mwaka uliofuata alikubali kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati, Bengali, na akaziandikia jamaa zake za imani kwamba sasa anajitegemea. Msaada wake wapelekewe wengine.

Mwaka huohuo mwanawe Peter, mtoto wa miaka mitano, alifariki kwa kuhara damu. Barua kutoka nyumbani hazikumfikia hadi mwaka 1795.

Kamati iliyomtuma ilipopata habari za kiwanda, ikajibu kwa onyo: asije akageuka mfanyabiashara. Bila shaka walikusudia mema. Lakini onyo hilo lilimfikia mtu aliyemzika mtoto, ambaye mkewe alikuwa akirukwa na akili, na ambaye mshahara wake ulikuwa ukilisha kazi ileile waliyomtuma. Lilimuumiza sana. Wangemuuliza kwanza anaishije, wangejua.

Yeye mwenyewe alikuwa amewarahisishia kazi. Aliwaandikia vitu alivyovihitaji: miundu, magurudumu ya jembe la kukokotwa, na mbegu za bustani na maua kila mwaka, tena kwa kulipia. Basi wewe unayemwandikia mmisionari wa kanisa lako, soma tena barua yake ya mwisho, kisha ujibu alichouliza kabla ya kumshauri lolote.