Utepe wa Mwanga Kichwani mwa Lara Croft

Mchezo wa kompyuta Tomb Raider ulipotoka Machi 2013, wachezaji wenye kompyuta zenye nguvu walikuta kwenye menyu chaguo jipya lililoitwa TressFX, teknolojia ya kampuni ya AMD. Ukiliwasha, nywele za Lara Croft huacha kuwa umbo lililovikwa picha na kuwa maelfu ya nyuzi, kila moja ikipeperuka na kulala begani kivyake. Mhusika ni yuleyule na msitu ni uleule. Kinachobadilika ni namna nywele zilivyotengenezwa.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika sana, ni ya kadi. Kadi ni kipande bapa na chembamba, chenye pembetatu chache tu, kilichobandikwa picha ya shungi la nywele. Pale ambapo picha haina unywele, kadi haionekani. Msanii huzipanga tabaka kwa tabaka: za chini huficha ngozi ya kichwa, za katikati hutoa umbo la mtindo, na za juu kabisa, chache, huwa ni zile nywele zinazochomoka ovyo. Kadi mia chache hutosha kichwa kizima, na hata simu huzimudu.

Udhaifu wake huonekana kamera inapozunguka. Kadi ikitazamwa kwa ubavu hubaki mstari mwembamba, na nywele zilizoonekana nzito hugeuka ghafla kuwa chache. Tena, kadi zinapopishana, kompyuta lazima ijue ipi iko nyuma. Ikikosea mpangilio huo, shungi la kisogoni huchorwa juu ya lile la mbele.

Nyuzi hazina tatizo hilo la ubavu, kwa sababu kila unywele ni mkunjo halisi unaopita kwenye nukta kadhaa. Lakini kichwa cha binadamu huwa na nywele zipatazo 100,000. Ili kompyuta isielemewe, kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mwendo nyuzi chache za kuongoza, na nyingine huzifuata. Tena unywele una unene wa milimita 0.07 hivi. Mhusika akisogea mbali kidogo, unywele huwa mwembamba kuliko pikseli moja, nao humetameta na kukatikakatika kwenye skrini. Dawa yake ni kuunenepesha ufikie pikseli moja, kisha kuufifisha kwa kiasi hichohicho.

Hata hivyo, wingi wa nyuzi peke yake hauleti uhalisia. Mwanga usipokaa sawa, nywele zote hizo zitafanana na plastiki.

Ukigeuza kibiringo cha uzi mbele ya taa, utaona mng'ao haukai kama doa la duara. Hujinyoosha na kuwa mstari unaozikata nyuzi. Nywele nazo hung'aa hivyo, na ndiyo maana kichwa chenye nywele laini huvaa utepe wa mwanga. Mwaka 1989 James Kajiya na Timothy Kay walitoa hesabu ya mng'ao huo. Badala ya kuuliza uso umeelekea wapi, waliuliza unywele umelala kuelekea wapi. Katika namna inayotumiwa kwenye michezo, hutafutwa mwelekeo ulio katikati ya taa na jicho, kisha hupimwa pembe kati yake na unywele. Sini ya pembe hiyo hupandishwa kipeo, tuseme cha 80. Pembe ikiwa nyuzi 90, jibu ni 1, mng'ao kamili. Ikiwa nyuzi 80, jibu hushuka hadi 0.29, na kwa nyuzi 70 halifiki 0.01. Hivyo ndivyo utepe unavyopata wembamba wake.

Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake walionyesha kwamba mianga ni miwili. Mmoja huruka juu ya magamba ya unywele na kubaki na rangi ya taa. Mwingine huingia ndani, hugonga ukuta wa nyuma na kutoka ukiwa na rangi ya nywele. Kwa kuwa magamba yameinama, tepe hizo mbili hazilingani mahali. Mwaka uliofuata Thorsten Scheuermann wa ATI alionyesha jinsi ya kuiga jambo hilo kwenye kadi kwa gharama ndogo.

Kosa la kawaida kwenye kadi ni picha kubandikwa kwa kulala. Hapo kompyuta hudhani unywele unaelekea ubavuni, na mng'ao hutiririka toka shinani hadi nchani badala ya kukata. Njia ya kulikamata ni kupandisha na kushusha taa: utepe mzima unapaswa kupanda na kushuka pamoja. Kadi iliyobandikwa vibaya hujitenga na wenzake papo hapo.

Nywele za kipilipili zina sheria yake. Mwelekeo hubadilika kila baada ya milimita chache, hivyo utepe huvunjika na kuwa vimulimuli vilivyotawanyika. Kadi bapa yenye mwelekeo mmoja haiwezi kutoa hilo bila picha maalumu ya mielekeo, na uzi nao huhitaji nukta nyingi zaidi.

Kwa hiyo studio nyingi huchanganya: nyuzi kwa mhusika mkuu kamera inapokaribia, kadi anapokuwa mbali. Na bajeti ikiruhusu kazi moja tu, inafaa kuanza na mwanga, kwa maana kadi zenye utepe sahihi huzishinda nyuzi zilizotiwa mwanga vibaya.